Guta la umeme na baiskeli ya umeme kwa mchuuzi

Guta la umeme ni chombo cha magurudumu matatu chenye bodi ya mizigo nyuma, kinachoendeshwa kwa mota na betri. Baiskeli ya umeme ina pedali kama baiskeli yoyote, ila mota humsaidia mwendeshaji. Baiskeli iliyoimarishwa keria hubeba kilo 50 hadi 60 bila taabu. Magari mengi ya aina ya guta huandikiwa kilo 300 hadi 500. Kwa hiyo mzigo ndio unaoamua kwanza, na betri hufuata mzigo.

Nishati iliyomo kwenye betri hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 60 na ampea-saa 20 ina wati-saa 1,200, yaani yuniti moja na kidogo ya umeme. Kilomita zinazotajwa dukani kwa kawaida hupimwa chombo kikiwa kitupu, barabara tambarare, mwendo wa polepole. Mchuuzi hafanyi kazi hivyo. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, guta tupu hula takriban wati-saa 28 kwa kilomita. Likipakiwa kilo 250 hufika 50, kwa sababu matairi hukandamizwa zaidi na kila linaposimama na kuondoka mota huanza upya kuusukuma uzito wote. Mlima wenye kimo cha mita 50 hula chaji ambayo ingetosha karibu kilomita 2 za tambarare.

Tuchukue mchuuzi wa Dar es Salaam anayenunua matunda na mboga soko la Mabibo, kijiwe chake kikiwa kilomita 12 kutoka hapo. Alfajiri anakwenda mtupu, anarudi na kilo 250. Kwenda ni wati-saa 336, kurudi ni 600, jumla 936. Betri ya wati-saa 1,200 ikiwa mpya itamfikisha. Ikichakaa na kubakiwa na uwezo wa asilimia 70, ina wati-saa 840 tu, na guta litazimika njiani likiwa na nyanya juani. Anayenunua betri inayotosha leo tu ananunua usumbufu wa mwakani. Kwa safari hii wati-saa 1,800 ndicho kiwango cha haki.

Angebeba kilo 60 kwa njia ileile, baiskeli ingekula wati-saa 300 hivi, na betri ya volti 48 na ampea-saa 15 ingemtosha hata kwa safari mbili. Muuza samaki, mayai au vocha na vifaa vya simu hana sababu ya kununua guta. Ila akizoea kupakia kilo 100, spoku za gurudumu la nyuma ndizo zitakazoanza kukatika, hasa mota ikiwa kwenye habu ya gurudumu hilohilo.

Kuhusu gharama, wengi huangalia bei ya chombo na bei ya umeme, wakaisahau ile kubwa. Safari ya Mabibo, pamoja na umeme unaopotea kwenye chaja, hutumia yuniti 1.3 hivi. Kwa takriban shilingi 356 kwa yuniti, hazifiki shilingi 500 kwa siku. Sasa tuseme seti ya betri za risasi inauzwa shilingi 900,000 na inavumilia kuchajiwa mara 500 ikitumiwa nusu ya uwezo wake: kila safari inakula shilingi 1,800 za betri. Ya lithiamu ikiuzwa 2,400,000 na kuvumilia mara 2,000, ni shilingi 1,200. Bei hizi ni za mfano. Mnunuzi aweke za dukani kwake, lakini hesabu ni ileile. Kwa anayechaji kila siku, lithiamu ndiyo rahisi, na ni nyepesi zaidi. Kwa anayetoka mara mbili kwa wiki, au asiye na mtaji wa kulipa mara moja, betri za risasi zinatosha.

Betri ya risasi huuawa haraka na kukamuliwa hadi mwisho, kisha kulazwa bila chaji. Irudishwe kwenye chaja siku hiyohiyo, hata kama imetumika robo tu, na isichajiwe juani.

Guta la mtumba lijaribiwe likiwa na mzigo, si kwa kuzunguka uwanja wa muuzaji. Lipakiwe, lipandishwe mlima, na mita ya chaji iangaliwe. Mshale ukianguka kwa kishindo kisha ukapanda tena guta likisimama, betri imechoka. Mara nyingi mbovu ni moja kati ya betri tano za volti 12 zinazounda seti ya volti 60. Fundi azipime volti kila moja mota ikivuta: nzima hubaki karibu na volti 12, mbovu hushuka hadi 10 au chini yake. Kubadilisha hiyo moja tu kwa mpya kabisa hakusaidii kwa muda mrefu, kwani nne zilizozeeka huisha mapema na chaja haiwezi kuzishibisha zote sawa. Ni bora kutafuta iliyotumika yenye hali inayolingana na wenzake, au kupunguza bei ya guta kwa thamani ya seti nzima.