Chembe ya moyo inawaka? Soma hii kabla hujapima vidonda vya tumbo

Tuchukue mfano wa mama lishe anayeuza chakula kwa madereva wa malori pale Mikumi, pembeni ya barabara kuu ya Morogoro–Iringa. Miezi miwili sasa, chini kidogo ya chembe ya moyo panawaka kama moto. Usiku maumivu yanamwamsha, akila kidogo yanatulia, kisha yanarudi. Majirani wameshampa jibu: "Hiyo ni alsas, acha pilipili na maharage."

Pilipili inaweza kuongeza maumivu, lakini siyo inayochimba kidonda. Vidonda vingi vinatokana na mambo mawili. La kwanza ni bakteria anayeitwa helikobakta pailori, anayeishi kwenye utando wa tumbo. La pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zikimezwa mara kwa mara. Mama lishe anayesimama siku nzima na kutuliza mgongo kwa diklofenaki anaweza kuwa na yote mawili.

Zamani hata madaktari waliamini chanzo ni mawazo na asidi. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao mwenyewe, na baada ya siku chache tumbo lake likavimba kwa ndani. Yeye na mwenzake Robin Warren walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2005.

Sasa twende kwenye kipimo, maana hapa ndipo wengi wanapokosea.

Kipimo cha damu hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani alama za mwili kupambana naye. Alama hizo hubaki miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, baada ya bakteria kufa. Ndiyo maana kuna mtu anapona, anapima damu tena, anaambiwa "bado unao", anarudia dozi bure.

Kipimo cha kinyesi, kile cha kutafuta antijeni, kinaonyesha kama bakteria yupo sasa hivi. Cha pumzi pia, ila hakipatikani kila mahali. Kwa hiyo ukifika hospitali, iwe Kilosa mjini au Mikumi, uliza wazi: "Mnapima kwa damu au kwa kinyesi?"

Lakini hata kipimo cha kinyesi kinadanganyika. Omeprazoli inapunguza bakteria bila kuwamaliza, hivyo jibu linaweza kutoka "hakuna" wakati wapo. Omeprazoli iachwe wiki 2 kabla ya kupima, na antibayotiki wiki 4. Mwambie daktari kila ulichomeza, hata cha duka la dawa.

Tuseme mama lishe wetu amekutwa na bakteria. Dozi inayotumika sana ni ya dawa tatu, zote asubuhi na jioni kwa siku 14: omeprazoli mg 20 nusu saa kabla ya kula, amoksilini g 1 na klarithromaisini mg 500. Mwenye mzio wa penisilini asimeze amoksilini. Daktari anaweza kumpa metronidazoli badala yake. Mdomo kuwa mchungu na tumbo kulegea ni kawaida. Usiache siku ya 5 kwa sababu maumivu yameisha, kwani bakteria wanaobaki wanaweza kuwa sugu. Usugu kwa klarithromaisini umeshaonekana kwa wagonjwa hapa Tanzania, hivyo dozi ikishindwa usirudie ileile. Daktari abadilishe dawa.

Akianza tarehe 1 Machi, anamaliza 14 Machi. Kipimo cha kuhakikisha amepona ni kuanzia 11 Aprili, cha kinyesi siyo cha damu, akiwa ameacha omeprazoli tangu 28 Machi. Moto ukirudi katikati, vidonge vya kutafuna vya kupoza asidi vinaweza kumsaidia bila kuharibu kipimo. Na diklofenaki? Aulize dawa nyingine ya mgongo, la sivyo kidonda kitarudi hata bila bakteria.

Kumbuka pia, kukutwa na bakteria siyo lazima uwe na kidonda. Wengi wanao na hawaumwi. Kidonda chenyewe kinaonekana kwa endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Ukihitaji, utapewa rufaa kwenda hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa ya Dodoma au Muhimbili.

Usisubiri kipimo chochote ukitapika damu au kitu kama unga wa kahawa, ukipata choo cheusi kama lami, au tumbo likiuma ghafla na kuwa gumu kama ubao. Kidonda kinavuja damu au kimetoboka. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.