Ukikwama baharini, andika hivi

Chombo kikizima injini karibu na Kisite, mimi ningetuma hivi:

“Mashua nyeupe, injini imekufa, nanga imeshika. Nyuzi 4 dakika 43 kusini, nyuzi 39 dakika 22 mashariki, saa 9:10 alasiri. Karibu na kisiwa cha Kisite, kusini ya Wasini. Watu 6, mtoto 1. Mmoja amevunjika mkono, ana fahamu. Maji ya kunywa lita 3.”

Nyuzi na dakika naziandika kwa maneno makusudi. Anayepokea akizisoma 4.43 na 39.22, ramani itampeleka nchi kavu, ndani ya Kwale. Jina la kisiwa ndilo litakalomshtua kwamba namba zimesomwa vibaya. Nanga ikiachia, natuma upya pamoja na saa.