Bei kwa sarafu za kigeni: Jinsi ya kukokotoa, kukamilisha na kusasisha

MFANYABIASHARA wa Kenya anayeuza bidhaa zake kwa wateja walioko ng'ambo hulazimika kujibu swali moja kabla ya mengine yote: je, bei anayoionyesha kwa dola, yuro au riali ni bei atakayomtoza mteja, ama ni makadirio tu ya kumsaidia mteja kuelewa thamani ya shilingi?

Mambo haya mawili hutofautiana pakubwa. Iwapo malipo yatatozwa kwa shilingi za Kenya, basi benki ya mteja ndiyo itakayobadilisha fedha kwa kiwango chake yenyewe, na huenda ikaongeza ada ya malipo ya ng'ambo. Mteja aliyeona dola 35 kwenye tovuti anaweza kupata kwamba dola 36 zimekatwa katika akaunti yake, kisha akadhani ametapeliwa. Kwa hivyo, bei ya aina hii sharti iandikwe wazi kuwa ni makadirio, na bei ya shilingi iwekwe kando yake kwa maandishi ya ukubwa uleule.

Lakini iwapo mteja atatozwa kwa sarafu yake, kiasi alichokiona ndicho atakachotozwa. Katika hali hii, hasara yoyote inayotokana na kupanda au kushuka kwa shilingi humwangukia muuzaji. Makala haya yanaangazia zaidi bei ya aina hii ya pili.

Kiwango hutoka wapi?

Benki Kuu ya Kenya hutangaza viwango vya ubadilishanaji wa fedha kila siku ya kazi. Viwango hivyo ni wastani wa kuelekeza soko. Si kiwango ambacho muuzaji atapewa na benki yake anapobadilisha dola kuwa shilingi. Benki za biashara hununua dola kwa kiwango cha chini kidogo na kuziuza kwa kiwango cha juu kidogo, na tofauti hiyo ndiyo faida yao. Muuzaji anayepokea dola anapaswa kutazama kiwango cha kununulia, kwa kuwa benki ndiyo inayonunua dola kutoka kwake.

Aidha, orodha ya Benki Kuu ina mtego ambao umewanasa wengi. Dola, pauni na yuro huandikwa kwa idadi ya shilingi za Kenya zinazopatikana kwa kitengo kimoja cha fedha hiyo. Yeni ya Japani nayo huandikwa kwa kila yeni 100. Lakini shilingi za Uganda na Tanzania huandikwa kinyume: ni ngapi kati yazo zinazopatikana kwa shilingi moja ya Kenya.

Tuchukue kiondo kinachouzwa kwa shilingi 4,500. Ikiwa shilingi moja ya Kenya ni sawa na shilingi 28 za Uganda, bei yake jijini Kampala ni 4,500 mara 28, yaani shilingi 126,000 za Uganda. Mtu anayegawanya jinsi anavyofanya kwa dola atapata shilingi 161 pekee. Hali kadhalika, ikiwa yeni 100 ni sawa na shilingi 85, kiondo hicho ni takriban yeni 5,294; anayesahau ile mia ataandika yeni 53 na kukaribia kukitoa bure.

Njia ya kujikinga ni kuigeuza kila sarafu iwe katika mwelekeo mmoja mara tu kiwango kinapopokewa, yaani shilingi za Kenya kwa kitengo kimoja cha fedha ya kigeni, na kuhifadhi viwango vyote kwa namna hiyo kabla ya hesabu yoyote kufanywa.

Kukamilisha bei

Kukamilisha ni kuiondolea nambari tarakimu za mwisho ili ibaki kiasi kinachoweza kulipwa na kusomwa kwa urahisi. Si sarafu zote zinazogawanyika kwa senti mia. Yeni ya Japani na shilingi ya Uganda hazina tarakimu baada ya nukta katika malipo. Riali ya Omani, ambako kuna wanunuzi wengi wanaozungumza Kiswahili, ina baisa 1,000, hivyo huhitaji tarakimu tatu. Programu iliyotengenezwa kwa kudhani kwamba kila fedha ina tarakimu mbili itamtoza Mjapani mara mia zaidi, au itaikata baisa moja ya Mwomani.

Tuseme dola moja ni shilingi 129.25. Kiondo cha shilingi 4,500 ni dola 34.82. Mteja akiagiza vyondo vitatu, jumla huweza kupatikana kwa njia mbili. Ukizidisha dola 34.82 kwa tatu utapata dola 104.46. Ukibadilisha shilingi 13,500 kwa pamoja utapata dola 104.45. Senti moja ni kidogo, lakini ankara ambayo jumla yake hailingani na bei zilizo juu yake huzua maswali, na mhasibu huweza kupoteza saa nzima akiisaka.

Kanuni inayofaa ni kukamilisha bei ya kila bidhaa kwanza, kisha kuzidisha na kujumlisha bei zilizokwisha kukamilishwa. Jumla yenyewe isibadilishwe upya kutoka shilingi. Gharama ya usafirishaji nayo ihesabiwe kama bidhaa inayojitegemea.

Hata hivyo, bei ya dola 34.82 haipendezi machoni, wala haimwachii muuzaji nafasi yoyote kiwango kikibadilika. Wauzaji wenye uzoefu huongeza asilimia ndogo ya tahadhari, kisha hupandisha bei hadi dola kamili. Katika karatasi ya hesabu ya kompyuta, tahadhari ya asilimia tatu huandikwa hivi:

```
=ROUNDUP(4500/129.25*1.03, 0)
```

Jibu ni dola 36. Kwa kiwango hicho, dola 36 ni shilingi 4,653. Iwapo benki na kampuni ya malipo zitakata jumla ya asilimia mbili, muuzaji atabaki na shilingi 4,560, kiasi ambacho bado kiko juu ya bei yake ya nyumbani.

Ikumbukwe kwamba kupandisha hadi kitengo kamili hakuna uzito sawa kwa kila bidhaa. Kwa kiondo cha dola 34.82, nyongeza hiyo ni ndogo. Lakini kwa bangili ya shilingi 200, ambayo ni dola 1.55, kupandisha hadi dola mbili ni kuongeza karibu asilimia 30. Bidhaa za bei ya chini zikamilishwe kwa senti kumi, au ziuzwe kwa mafungu.

Kusasisha bila kumkanganya mteja

Hasara ya kutosasisha ilionekana wazi mapema mwaka wa 2024. Mwishoni mwa Januari mwaka huo, dola moja ilikuwa takriban shilingi 160. Mwezi wa Februari, Kenya iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kuitumia kununua sehemu kubwa ya ile ya dola bilioni mbili iliyokuwa ikomae mwezi wa Juni. Hofu ya soko ilipungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi takriban shilingi 132.

Muuzaji aliyeweka kiondo chake kwa dola 28 mnamo Januari alikuwa akipata shilingi 4,480. Iwapo hakugusa bei hiyo, mwishoni mwa Machi dola zizo hizo 28 zilimletea shilingi 3,696, kabla ya ada. Alikuwa amepoteza takriban shilingi 800 kwa kila kiondo bila kupunguza bei hata kidogo.

Hilo halimaanishi kwamba bei ibadilishwe kila asubuhi. Mteja anayeona dola 36 leo, dola 35 kesho na dola 37 keshokutwa hungoja, au huondoka. Njia bora ni kusasisha kiwango kila siku lakini kuibadilisha bei pale tu mpaka uliowekwa unapovukwa.

Mpaka huo hupatikana kwa hesabu. Dola 36 zikiondolewa asilimia mbili hubaki dola 35.28. Ukigawanya 4,500 kwa 35.28 unapata 127.55. Maana yake ni kwamba bei ya dola 36 haimletei muuzaji hasara maadamu dola moja ni shilingi 127.55 au zaidi. Ikishuka chini ya hapo, bei ikokotolewe upya. Upande wa pili nao uwekewe mpaka, kwa sababu shilingi ikidhoofika sana, bei ya dola huwa ghali kuliko inavyostahili na mteja huhamia kwa muuzaji mwingine.

Kiwango kipya kisiingizwe bila kukaguliwa. Kila kiwango kihifadhiwe pamoja na tarehe yake na kilinganishwe na cha siku iliyotangulia. Kikitofautiana kwa zaidi ya asilimia tano, mfumo usimame na mtu akiangalie kwa macho, kwani mara nyingi huwa kimegeuzwa kinyume au kimekosewa nukta. Mwishoni mwa juma na siku za sikukuu hakuna kiwango kipya, hivyo cha Ijumaa hutumika hadi Jumatatu. Lakini kiwango kikipitisha siku tano bila kubadilika, kuna uwezekano kwamba mtambo unaokileta umekwama.

Oda, marejesho na uandishi

Mteja akishathibitisha oda, kiwango cha oda hiyo hakipaswi kubadilishwa tena. Kumbukumbu iwe na kiasi alicholipa, sarafu aliyoitumia, kiwango na tarehe. Akirudisha kiondo baada ya wiki tatu, arejeshewe dola 36 zilezile alizolipa, wala si shilingi 4,653 zilizobadilishwa kwa kiwango cha siku hiyo. Kwa bei zinazotumwa kwa wanunuzi wa jumla, tarehe ya mwisho ya bei hiyo iandikwe, kwa mfano siku 14.

Mwisho ni uandishi wenyewe. Alama ya dola hutumiwa Marekani, Kanada na Australia, ilhali neno shilingi hutumiwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa fedha zenye thamani tofauti kabisa. Ni salama zaidi kutumia vifupisho vya kimataifa vya herufi tatu: USD, CAD, AUD, KES, UGX na TZS. Vilevile, Mjerumani hutumia koma pale Mkenya anapotumia nukta, kiasi kwamba 4,500 kwake huweza kusomeka kama nne na nusu. Bei zisizo na senti huepusha sehemu kubwa ya utata huu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuandika USD 36 badala ya USD 35.86.