Benzodiazepini na mashambulio ya hofu

Benzodiazepini ni kundi la dawa za kutuliza ambazo hutumiwa, pamoja na mambo mengine, kupunguza makali ya mashambulio ya hofu. Katika kundi hili mna diazepamu (maarufu Afrika Mashariki kwa jina la Valiamu), alprazolamu, lorazepamu na klonazepamu. Mgonjwa wa hofu anaweza kuandikiwa dawa hizi kwa njia mbili: ameze kidonge pale tu shambulio linapomjia, au ameze kila siku kwa saa maalumu hata kama hajisikii vibaya. Njia ya kwanza huonekana salama zaidi kwa kuwa vidonge vinavyotumika ni vichache. Hata hivyo, ndiyo inayoweza kumfunga mtu na kidonge bila yeye kutambua, na sababu yake ni muda.

## Shambulio na kidonge

Shambulio la hofu huanza ghafla: moyo hudunda kwa kasi, pumzi hubana, mikono hutetemeka, na mtu hudhani anakufa au anapata wazimu. Kwa kawaida hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka lenyewe. Wengi huwa wametulia baada ya nusu saa, ingawa uchovu unaweza kubaki.

Benzodiazepini huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo inayopunguza kasi ya mishipa ya fahamu. Alprazolamu ni mojawapo ya zile zinazofanya kazi haraka, lakini kidonge chake lazima kwanza kiyeyuke tumboni na kuingia katika damu. Kiwango chake katika damu hufikia kilele baada ya saa moja hadi mbili.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayepatwa na shambulio ndani ya daladala saa 1:05 asubuhi. Saa 1:08 anameza alprazolamu ya miligramu 0.5. Saa 1:15 hofu imefika kileleni, na saa 1:30 inashuka. Wakati huo dawa ndiyo kwanza inaanza kuhisiwa, na nguvu yake kamili itakuja kati ya saa 2 na saa 3, akiwa tayari darasani. Shambulio limepita karibu lote kwa nguvu za mwili wenyewe, lakini sifa zote zinakwenda kwa kidonge. Utulivu wa dawa unaoendelea kwa saa kadhaa baadaye unathibitisha imani hiyo. Tena, huenda alianza kujisikia nafuu dakika mbili tu baada ya kumeza, mapema mno kwa dawa yoyote ya tumboni. Nafuu hiyo ililetwa na kule kujua kwamba amemeza.

Hii haina maana kwamba dawa haifanyi kazi. Mashambulio yakija moja baada ya jingine, kidonge cha kwanza huweza kuzuia yanayofuata. Tatizo ni kwamba mwalimu hakupata nafasi ya kuona kuwa shambulio huisha bila msaada, na kujua hilo ndiko kunakovunja ugonjwa wenyewe. Kila kidonge kinachofuatwa na nafuu humfundisha kumeza tena mapema zaidi.

## Kutoka "inapohitajika" hadi kila siku

Mwalimu huyo alipewa vidonge 10. Pakiti ya kwanza ilidumu wiki tano, ya pili wiki tatu. Ya tatu iliisha kwa siku kumi, kwa sababu sasa alimeza kabla ya kupanda daladala, ili shambulio lisije. Hapo ndipo pa kuangalia kuliko idadi ya vidonge: dawa imeacha kujibu shambulio na imeanza kujibu wazo la shambulio. Dalili nyingine ni kurudi nyumbani kwa sababu vidonge vimesahaulika, au kukataa safari kwa kuwa vimebaki viwili.

Baada ya muda akawa anameza asubuhi na jioni, ingawa cheti bado kinasema "inapohitajika". Nusu ya alprazolamu huondoka katika damu kwa takriban saa 11, hivyo alfajiri kiwango kimeshuka. Anaamka akitetemeka na moyo ukidunda, naye anadhani ugonjwa umezidi. Huenda ni mwili unaodai dozi. Akiongeza kidonge, dalili zinatoweka, na kosa hilo la kufasiri linazidi kuota mizizi.

## Matumizi ya kila siku kwa ratiba

Baadhi ya madaktari huona kwamba, kama dawa ni ya lazima, ni afadhali imezwe kwa saa kuliko kwa hofu. Huchagua klonazepamu, ambayo nusu yake hubaki mwilini kwa saa 30 hadi 40, hivyo kiwango hakipandi na kushuka sana. Mara nyingi hutolewa kwa wiki chache, wakati dawa za kupunguza sonona kama sertralini au paroksetini zinasubiriwa kufanya kazi.

Gharama yake ni utegemezi wa mwili. Ubongo hujirekebisha kwa kupunguza mwitikio wake kwa dawa, na jambo hilo linaweza kutokea ndani ya wiki chache. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilishauri benzodiazepini zitumike kwa wiki mbili hadi nne tu. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya nchi hiyo unakwenda mbali zaidi: haupendekezi dawa hizi kabisa kwa ugonjwa wa hofu.

Jaribio lililofanywa London na Toronto, lililoongozwa na Isaac Marks na kuchapishwa mwaka 1993, lilihusisha wagonjwa 154. Baadhi yao walipewa alprazolamu, wengine mazoezi ya kukabili mahali wanapopaogopa, na wengine vyote viwili. Dawa ilipoondolewa, nafuu yake ilipotea. Nafuu ya mazoezi ilibaki. Uchambuzi wa baadaye wa wagonjwa hao ulionyesha kwamba walioamini kuwa vidonge ndivyo vilivyowaponya walipata shida zaidi wakati wa kuacha.

## Kuacha dawa

Aliyetumia kila siku hapaswi kuacha ghafla, kwani anaweza kupata degedege, kukosa usingizi na hofu kali kuliko ya mwanzo. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, mara nyingi kwa miezi. Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuacha dawa hizi Newcastle kuanzia 1982 hadi 1994, aliwahamishia wengi wa wagonjwa wake kwenye diazepamu, kwa kuwa huondoka mwilini polepole. Kwa hesabu yake, miligramu 0.5 za alprazolamu zilikuwa sawa na miligramu 10 hivi za diazepamu. Kuchanganya benzodiazepini na pombe au dawa za jamii ya afyuni kunaweza kusimamisha pumzi, wakati wowote wa matibabu.

Kwa aliyemeza mara chache tu, mwili hauna mengi ya kudai. Kazi iliyobaki ni kupanda daladala bila kumeza na kukaa mpaka hofu ishuke, mara nyingi kiasi cha kuacha kuishangaa. Wengine hufika hapo wakiwa bado wamebeba kidonge kimoja mfukoni, ambacho muda wake wa matumizi ulikwisha zamani.