Rejesta katika agizo la tafsiri

Wanafunzi wa sekondari nchini Kenya huiita sajili. Wanaisimujamii wengi wa Tanzania huandika rejesta. Ni namna lugha inavyobadilika kufuatana na mada, wahusika na njia ya mawasiliano, vigezo vitatu vinavyotokana na kazi za M.A.K. Halliday. Nachagua rejesta, kwa kuwa sajili ina kazi nyingine tayari: kuandikisha vizazi na vifo.

Anayeipa mashine maandishi ya kutafsiri huiagizia pia rejesta, na hapo ndipo maana huhama bila kelele. Tuchukue maelezo ya parasetamoli ya miligramu 500 kwa mtu mzima. Kiingereza chake kinasema: kidonge kimoja au viwili kila baada ya saa 4 hadi 6 ikihitajika, visizidi 8 ndani ya saa 24. Tuseme tumeagiza tu “lugha rahisi na ya heshima”, tukapata hivi:

“Tafadhali meza vidonge viwili kila baada ya saa 4 hadi 6 ukisikia maumivu. Ni vyema visizidi 8 kwa siku.”

Kiswahili ni safi, na usafi huo ndio unaomlaza msomaji. Kidonge kimoja kimetoweka kwa jina la urahisi. Heshima imegeuza katazo kuwa ushauri. Lakini linalonitia hofu zaidi ni “kwa siku”. Mtu aliyemeza vidonge 8 kuanzia adhuhuri hadi usiku wa manane ataamka alfajiri akihesabu siku mpya, aanze tena, ilhali saa 24 bado hazijatimia.

Wengi hukagua kwa kuirudisha tafsiri kwenye Kiingereza kwa mashine ileile. Njia hiyo hukamata makosa makubwa, lakini “kwa siku” itarudi ikisomeka vizuri kabisa, na “ni vyema” inaweza kurudi kama katazo la kawaida. Afadhali umpe mtu ambaye hajaona chanzo asome Kiswahili peke yake, kisha umuulize: nikimeza viwili saa 8 mchana, hadi kesho saa 8 mchana naruhusiwa vingapi kwa jumla? Naweza kumeza kimoja? Jibu lake ndilo ulilinganishe na chanzo.

Agizo lenyewe nalo litenganishe sauti na maudhui. Ningeandika hivi: “Haya ni maelezo ya dawa, msomaji ni mtu mzima aliye nyumbani, hana mfamasia karibu. Tumia nafsi ya pili umoja na sentensi fupi. Heshima ionekane katika salamu na uteuzi wa maneno, isilegeze katazo. Viwango, vipindi vya saa na chaguo zote zibaki kama zilivyo.” Hata hivyo agizo zuri hupunguza mihamo tu. Tarakimu na makatazo bado yapitiwe moja moja na mfamasia anayejua Kiswahili, chanzo kikiwa mkononi mwake.