Hatua za Kuchukua Mfanyakazi wa Pemba Anapoachishwa Kazi Bila ya Sababu za Maandishi wala Notisi

Mfanyakazi anayeambiwa kwa mdomo au kwa simu kuwa kazi yake imekwisha hujikuta hana barua, hana tarehe rasmi na hajui aanzie wapi. Kwa wananchi wa Pemba suala la kwanza la kujibiwa ni mahali kazi ilipokuwa ikifanyika, kwa kuwa masuala ya kazi na ajira si ya Muungano. Zanzibar ina sheria na vyombo vyake, na Tanzania Bara ina vyake. Anayepeleka lalamiko lake pasipohusika hupoteza siku ambazo sheria haimrejeshei kwa urahisi.

Aliyekuwa akifanya kazi Pemba

Mfanyakazi wa sekta binafsi aliyekuwa akifanya kazi Pemba analindwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 pamoja na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka 2005 za Zanzibar. Hali ni hiyo hata kama kampuni iliyomwajiri ina makao yake makuu Dar es Salaam. Hatua yake ni kufika kwa maofisa wa kazi Chake Chake, ambao wako chini ya Kamisheni ya Kazi, na kueleza namna alivyoachishwa. Mgogoro usipomalizika kwa mazungumzo hupelekwa katika Kitengo cha Kushughulikia Migogoro ya Kazi, kinachotambulika kwa kifupi DHU, na unaweza kufika Mahkama ya Kazi. Haifai kusubiri kwa kutegemea siku zinazotajwa katika sheria za Bara. Ni salama zaidi kufika ofisini ndani ya wiki ileile ya kuachishwa.

Mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar hufuata njia nyengine. Ajira yake inasimamiwa na Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya mwaka 2011, na lalamiko lake hupitia taratibu za utumishi wa umma.

Aliyekuwa akifanya kazi Bara na kurejea Pemba

Kundi hili ndilo linalopoteza haki kwa wingi wa siku zinazopita kimya. Wapo Wapemba wanaofanya kazi Tanga, Dar es Salaam na miji mengine ya Bara, na wengi wao wanapoachishwa huvuka bahari kurudi nyumbani kwanza. Sheria inayowahusu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004 ya Tanzania Bara, na chombo chao ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA.

Sheria hiyo inaeleza kuwa notisi ya kusitisha ajira iwe ya maandishi, itaje sababu na itaje tarehe iliyotolewa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isipungue siku 28. Kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, isipungue siku 4, na kwa aliye ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, isipungue siku 7. Mwajiri anaruhusiwa kulipa fedha badala ya notisi. Hata hivyo, kulipa notisi hakumwondolei wajibu wa kuwa na sababu ya haki na kufuata utaratibu wa haki. Mgogoro unapofika mbele ya Tume, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa uachishaji ulikuwa wa haki. Mfanyakazi kwa upande wake huwa ameshaonyesha kuwa aliajiriwa na kwamba aliachishwa. Ulinzi huu dhidi ya uachishaji usio wa haki haumfikii aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo.

Mfano wa hesabu ya siku na malipo

Kijana wa Wete aliajiriwa katika ghala moja mjini Tanga kwa mshahara wa shilingi 390,000 kwa mwezi, akifanya kazi siku 6 kwa wiki. Baada ya miaka 3 na miezi 4, tarehe 10 Juni msimamizi alimpigia simu na kumwambia asifike tena kazini. Hakupewa barua. Alirejea Wete akiwa na ahadi kwamba ataitwa mambo yakitulia.

Mgogoro unaohusu uhalali wa kuachishwa unatakiwa kufikishwa Tume ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Kwa kijana huyu siku ya mwisho ni tarehe 10 Julai, na ahadi ya msimamizi haisimamishi hesabu hiyo. Madai mengine, kama vile mshahara uliobaki au likizo isiyolipwa, yana siku 60. Kwa hiyo aliyechelewa katika lile la kwanza bado anaweza kuwahi katika la pili. Anayetaka kusikilizwa nje ya muda hulazimika kwanza kuwasilisha maombi maalumu akieleza sababu ya kila siku aliyochelewa, na Tume inaweza kuyakataa.

Malipo yake yanahesabika hivi. Mshahara wa 390,000 ukigawanywa kwa siku 26 za kazi ni shilingi 15,000 kwa siku. Siku 8 alizofanya kazi mwezi Juni ni shilingi 120,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hivyo kwa miaka 3 ni siku 21, sawa na shilingi 315,000. Malipo ya notisi kwa kawaida huhesabiwa kuwa mshahara wa mwezi mmoja, 390,000. Jumla ni shilingi 825,000, bila ya likizo ambayo hakuichukua na bila ya fidia iwapo Tume itaona aliachishwa isivyo haki. Ikiwa aliajiriwa akiwa Pemba, mwajiri anawajibika pia kumsafirisha na mizigo yake hadi huko au kumlipa gharama hizo. Aidha, anastahili cheti cha utumishi.

Utaratibu wa kufungua lalamiko

Hatua ya kwanza ni kumwandikia mwajiri barua fupi inayotaja tarehe na maneno ya kuachishwa, na kuomba sababu kwa maandishi. Nakala ya barua hiyo huhifadhiwa pamoja na ujumbe wa simu, hati za malipo ya mshahara, kitambulisho cha kazi na taarifa ya michango ya hifadhi ya jamii. Nyaraka hizi ndizo zinazosimama badala ya mkataba ambao haukuandikwa.

Hatua ya pili ni kujaza fomu ya CMA F1 katika ofisi ya Tume ya eneo ambalo mgogoro ulitokea. Kwa kijana wa mfano huu ni Tanga, si Pemba. Nakala ya fomu hupelekwa kwa mwajiri, naye hutia saini ya kupokea, na uthibitisho huo huwasilishwa Tume. Kosa linalojitokeza hapa ni kuandika jina la msimamizi badala ya jina la kampuni, jambo linaloweza kufanya uamuzi ushindwe kutekelezwa.

Hatua ya tatu ni usuluhishi, unaopewa siku 30. Pande mbili zikikubaliana, makubaliano huandikwa na kutiwa saini. Zisipokubaliana, shauri huendelea kwenye uamuzi. Mlalamikaji asiyefika siku ya kikao bila ya sababu anaweza kuona lalamiko lake limefutwa, hivyo anayeishi Pemba anashauriwa kupanga safari yake mapema kulingana na tarehe ya wito.

Mfanyakazi asitie saini hati yoyote ya kujiuzulu au ya kukiri kuwa amelipwa haki zake zote kabla ya kuisoma na kuhesabu kilichomo, kwa kuwa mwajiri anaweza kuitumia kuonyesha kuwa aliondoka kwa hiari.