Diski ya terabaiti tatu kuonyesha gigabaiti 2,048 pekee

Mnunuzi wa diski ya terabaiti tatu anapoiunganisha na kompyuta ya Windows huweza kukuta sehemu yake kubwa haitumiki. Katika dirisha la Disk Management diski hiyo huonekana vipande viwili: kimoja cha gigabaiti 2,048, na kingine cha gigabaiti 746 kilichoandikwa Unallocated, ambacho hakikubali kufanywa chochote. Wapo wanaomlaumu muuza duka, kumbe diski ni nzima.

Chanzo ni jedwali la mgawanyo liitwalo MBR, lililoanza kutumika mwaka 1983 katika kompyuta za IBM. Jedwali hilo hurekodi mwanzo na urefu wa kila sehemu ya diski kwa namba ya biti 32, na namba hiyo haiwezi kuhesabu zaidi ya sekta bilioni 4.29. Kila sekta ikihesabiwa kuwa ya baiti 512, hesabu huishia kwenye gigabaiti 2,048. Kinachobaki kipo, ila hakina namba ya kukitaja. (Jumla ya vipande hivyo ni 2,794 na si 3,000 kwa sababu Windows huhesabu gigabaiti kwa mafungu ya 1,024, hakuna kilichopotea hapo.)

Dawa ni kuhamia jedwali la GPT, linalotumia namba za biti 64. Hata hivyo, Disk Management haibadilishi diski yenye sehemu zilizokwisha kuundwa. Hivyo data yote inakiliwa kwanza mahali pengine, kisha kila sehemu inafutwa kwa Delete Volume. Baada ya hapo jina la diski, kwa mfano Disk 1, lililo upande wa kushoto, linabofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchaguliwa Convert to GPT Disk. Chaguo hilo likiwa limefifia, bado ipo sehemu ambayo haijafutwa. Namba ya diski ihakikiwe mara mbili, kwani anayekosea hufuta diski nyingine.

Kwa diski ya kuhifadhia kazi huishia hapo. Diski inayowasha Windows huhitaji pia kompyuta yenye UEFI badala ya BIOS ya zamani, na Windows XP ya biti 32 haisomi GPT kabisa.

Lipo tatizo jingine linalofanana na hili. Iwapo diski nzima inaonekana kuwa na gigabaiti 746 tu, bila kipande cha pili, kubadili jedwali hakutasaidia. Hapo kosa limo katika kasha la zamani la USB au programu ya kiendeshi, ambayo hesabu yake ya biti 32 imejaa na kuanza upya. Diski hiyo iunganishwe kwa kasha jipya, au kiendeshi kisasishwe, kabla ya kuandika chochote juu yake.